Popilini, twili, gabadini, shambrei: kijue kitambaa kabla mkasi haujapita

Juni iliyopita mwalimu mmoja kijana aliniletea kitambaa cha buluu iliyokoza, mita mbili na nusu, kwa ajili ya suruali mbili za kazini. Anaishi hapa Uyole, Mbeya, ila anafundisha Chimala, kwa hiyo kila siku ya kazi yuko kwenye gari asubuhi na jioni. Nikakipapasa kitambaa. Laini, kizuri, kinateleza mkononi. Nikakikamata pembe moja, nikakifumbata kwenye ngumi wakati tunasalimiana, nikaachia. Kikabaki kama karatasi iliyotolewa kwenye pipa la taka.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Mama, ni gabadini. Muuzaji kaniambia."

Haikuwa gabadini. Ilikuwa popilini ya pamba tupu, nzito kidogo kuliko ya shati. Sisemi muuzaji alimdanganya, huenda na yeye aliuziwa kwa jina hilo. Madukani jina la kitambaa linapita mdomo hadi mdomo, na njiani linageuka. Ndiyo maana naandika namna ninavyokitambua kitambaa mwenyewe, bila kumuuliza mtu, na kila jina lina maana gani ukishakivaa na kukikalia.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: popilini, twili, gabadini na shambrei si majina ya malighafi. Ni majina ya jinsi nyuzi zinavyopishana. Kuna popilini ya pamba, ya polista na ya mchanganyiko, na gabadini ni hivyo hivyo, tena ipo hata ya sufu. Anayekwambia "gabadini haijikunji" amekupa nusu ya habari.

Hatua ya 1: Tafuta mtande

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili. Zinazokwenda kwa urefu wa jora ni mtande, na zinazokatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ni mshindio. Ukiuona ukingo wa kiwandani, ule usiofumuka, kazi imekwisha, maana mtande unakwenda sambamba nao. Kama una kipande kisicho na ukingo, kivute kwa mikono miwili upande mmoja, kisha upande wa pili. Kwa kawaida mtande hauvutiki sana na mshindio unalegea zaidi.

Sasa chukua pini, uchambue pembeni mpaka nyuzi zichomoze kama sentimita moja kila upande. Weka kamera ya simu karibu, vuta picha, piga. Simu ya kawaida inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Angalia uzi unaruka nyuzi ngapi

Kama kila uzi unapita juu ya mmoja, chini ya mmoja, juu ya mmoja, kama mkeka wa kawaida, huo ni ufumaji wa moja kwa moja. Humo mna marekani, mna khanga, mna kitenge, na mna wawili wa somo letu: popilini na shambrei.

Popilini utaijua kwa wingi wa mtande. Nyuzi za mtande ni nyembamba na zimebanana, karibu mara mbili ya zile za mshindio. Popilini moja ya mashati niliyohesabu kwenye picha ya simu ilikuwa na nyuzi 52 za mtande kwa sentimita moja na 28 tu za mshindio. Kwa sababu hiyo mtande unaufunika mshindio, na uso wa kitambaa unakuwa na vijituta vidogo sana vinavyokatiza. Huvioni kirahisi, ila ukipitisha ukucha taratibu kwa urefu wa jora utavisikia.

Shambrei ni rahisi zaidi kwa sababu inajitaja kwa rangi. Mtande umetiwa rangi, mara nyingi buluu, na mshindio ni mweupe. Kwa kuwa zinapishana moja kwa moja, kila mahali pana nukta ya buluu na nukta nyeupe, na jicho linachanganya zote kuwa buluu iliyopauka. Watu wanaiita jinzi nyepesi. Siyo. Geuza nyuma: shambrei iko sawa pande zote mbili, wakati jinzi ina mgongo uliofifia na mistari ya mshazari.

Mistari hiyo ya mshazari ndiyo twili. Hapa uzi unapita juu ya nyuzi mbili au tatu ndipo uzame chini ya mmoja, na kila mstari unaofuata unasogea hatua moja pembeni. Hatua hizo zikipangana zinakuwa kama ngazi, nawe unaona mlalo. Jinzi ni twili, kaki ni twili, na kitambaa cha kadeti ni twili.

Gabadini nayo ni twili, ila ya aina yake. Mtande wake umebanana sana, kwa hiyo ile ngazi inapanda wima zaidi. Fikiria: kila hatua inasogea uzi mmoja pembeni na uzi mmoja juu. Kama nyuzi za pembeni zimebanana mara mbili ya zile za juu, hatua ya pembeni inakuwa nusu ya hatua ya juu. Mlalo unasimama.

Hatua ya 3: Pima mlalo kwa daftari la hesabu

Hii nilijifundisha mwenyewe na bado inanifurahisha. Chukua karatasi ya daftari la mraba. Chora mstari wa kwanza kutoka kona hadi kona ya mraba mmoja, moja pembeni na moja juu. Huo ni digrii 45, mlalo wa twili ya kawaida. Pembeni yake chora mwingine unaokwenda mraba mmoja pembeni na miwili juu. Huo ni kama digrii 63, mlalo wa gabadini.

Laza karatasi juu ya kitambaa, mistari ya wima ya daftari ikilingana na mtande, na ulinganishe. Halafu geuza kitambaa. Gabadini kwa kawaida ina mlalo dhahiri usoni, na mgongoni inakuwa laini, mlalo hauonekani vizuri. Kile kitambaa cha mwalimu hakikuwa na mlalo usoni wala mgongoni, kwa hiyo hapakuwa na mjadala.

(Gabadini ina historia yake. Iliundwa mwaka 1879 na Mwingereza Thomas Burberry, aliyetaka koti la kuzuia mvua lisilo zito kama mpira. Kule kubanana kwa mtande ndiko kulikosaidia kuzuia maji. Nikiwaza mvua za Tukuyu naona mzee yule angepata wateja.)

Hatua ya 4: Jua malighafi

Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibano au pini ndefu, uziwashe juu ya sahani ya bati, mbali na vitambaa vingine. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu linalopukutika. Polista inajikunyata, inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Ikifanya yote mawili, jivu na kijidonge, umeshika mchanganyiko. Usiguse hicho kijidonge kikiwa cha moto, kinaganda kwenye ngozi. Viskosi, uzi unaotengenezwa kwa massa ya mbao, itakudanganya kwa sababu inawaka kama pamba. Ninavyoitofautisha ni kwa kulowesha uzi mmoja na kuuvuta: pamba ikilowa haidhoofiki, viskosi ikilowa inakatika kirahisi.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu malighafi ndiyo yenye neno la kwanza kuhusu mikunjo, na ufumaji una la pili. Pamba inanywa unyevu wa mwili. Ikilowa na kupata joto kidogo inalainika, unaikalia imekunjika, inakauka katika hali ile ile, na mkunjo unabaki. Polista hainywi maji, hivyo jasho la safari haliikunji. Yenyewe inaogopa joto kali: ukiikunja ikiwa ya moto, ikipoa mkunjo umejiandika.

Hatua ya 5: Ngumi, nusu dakika

Fumbata pembe ya kitambaa kwa nguvu, uhesabu hadi 30, uachie juu ya meza, usubiri dakika tano. Usikinyooshe kwa kiganja, kama muuzaji anavyopenda kufanya haraka haraka. Ukiweza, fumbata vitambaa viwili kwa pamoja, kila mkono na chake, kwa sababu mkunjo wa kimoja peke yake haukuambii kitu.

Chukua popilini ya pamba na twili ya pamba zenye uzito unaokaribiana. Popilini itabaki na mikunjo mikali yenye kona. Twili itakuwa na mikunjo ya mviringo, na mingine itakuwa imeanza kujirudia. Sababu ni kwamba kwenye popilini uzi umefungwa kila baada ya hatua moja, hauna pa kusogea, kwa hiyo ukipinda unapinda hapo hapo. Kwenye twili uzi unaelea juu ya nyuzi mbili tatu kabla ya kufungwa. Una nafasi ya kuteleza ukikunjwa, na ya kurudi ukiachiwa.

Shambrei ya pamba inajikunja sawasawa na popilini ya uzito wake. Ila mkunjo unaonekana kwa kivuli chake, na kwenye uso wenye nukta za buluu na nyeupe kivuli hicho kinapotea. Nguo imekunjika, watu hawaoni. Kwa shati la safari huo ni msaada mkubwa.

Hatua ya 6: Linganisha na mahali nguo itakapoumia

Nguo haichakai kote kwa pamoja. Suruali huisha makalioni, magotini na kwenye pindo. Shati huisha kwenye mkunjo wa kola na kwenye mikono.

Kuchanika na kusuguka ni mambo mawili, na hapa wengi wanateleza. Kwa kuchanika twili inashinda. Suruali ikinasa msumari, nyuzi za twili zinateleza na kujikusanya pamoja, zinaubeba mzigo kwa kundi. Kwenye popilini haziwezi kusogea, hivyo zinakatika mmoja mmoja, na mpasuko unakimbia moja kwa moja kama wa karatasi. Ndiyo sababu kitambaa cha popilini fundi anaweza kukikata chale kidogo na kukichana kwa mikono mpaka mwisho.

Kwa kusuguka, zile sehemu za uzi zinazoelea juu ndizo zinazolipa. Kwenye gabadini vile vijituta vya mlalo vinasuguliwa na kiti cha gari mpaka vinalala bapa, na kitambaa bapa kinang'aa. Makalio ya suruali ya gabadini yanaanza kung'aa muda mrefu kabla hayajachakaa, na pasi ya moto iliyopitishwa usoni bila kitambaa cha juu inafanya kazi hiyo hiyo kwa siku moja. Kadeti ya pamba haing'ai sana, ila inapauka kwenye pindo na kwenye kingo za mifuko kwa sababu rangi imekaa zaidi nje ya uzi. Ukiifua kwa brashi unaharakisha yote. Naomba brashi ibaki kwenye viatu. Suruali ikiwa na tope jekundu, liache likauke, likung'ute, kisha loweka.

Shambrei inaumia kwenye kola. Mtande wenye rangi ukisuguka unaonyesha weupe, na mstari mweupe unatokea hasa kwenye mkunjo. Kuna wanaoupenda. Asiyeupenda aniambie mapema, nakata kola mbili, moja anaiweka.

Hatua ya 7: Loweka kabla ya kukata

Kitambaa chenye pamba kinarudi. Weka alama mbili za uzi wenye umbali wa sentimita 50 kwenye mtande, loweka kitambaa kizima usiku mmoja, kianike bila kukamua kwa kusokota, kipige pasi, upime tena. Kama ni 48.5, kimerudi asilimia 3. Suruali ya urefu wa sentimita 105 ingekupotezea zaidi ya sentimita 3, na soksi zote nje. Polista tupu karibu haitasogea.

Kwa twili kuna shida ya ziada: inapenda kujisokota. Mlalo unavuta upande mmoja, na baada ya kufuliwa mara kadhaa mshono wa pembeni unahamia mbele ya goti. Nimeshona suruali kama hiyo, na mteja aliirudisha akiwa ameivaa ili nione mwenyewe. Nilikuwa nimekata bila kuloweka, tena mtande ukiwa umekaa upande upande ili nibane kitambaa. Siku hizi nikishaloweka navuta pembe mbili zinazotazamana mpaka mshindio ukatize mtande sawasawa, ndipo nakata.

Na angalia uso. Kukigeuza kipande juu chini hakubadilishi mwelekeo wa mlalo, lakini kukipindua ndani nje kunaubadilisha. Mguu mmoja ukiwa umepinduliwa, mlalo wa kulia na wa kushoto unapingana na rangi inaonekana tofauti juani. Dukani hutaona. Nje utaona. Mimi naweka alama ya chaki mgongoni mwa kila kipande kabla sijakitenganisha.

Turudi kwa mwalimu

Asubuhi ya Juni hapa Uyole unatoka na sweta, na kabla ya saa sita uko Chimala chini, kwenye joto la Usangu. Nikampa hesabu yangu. Polista tupu ingekaa bila mikunjo, ila mchana ingemgandia mapajani. Pamba tupu ya kadeti ingempa hewa, ila mapajani ingekuwa na mikunjo ya kukaa, na msimu huu wa baridi ingekauka taratibu. Tukachagua gabadini ya mchanganyiko wa polista na viskosi: polista inashikilia umbo na mstari wa pasi, viskosi inanywa jasho.

Uzito tuliupima kwenye mizani ya duka la jirani, muuza sukari akatucheka. Mita 2.5 zenye upana wa mita 1.5 ni mita za mraba 3.75. Mizani ikaonyesha gramu 830 hivi, kwa hiyo ni kama gramu 220 kwa mita ya mraba. Kwa suruali natafuta 200 hadi 270. Chini ya hapo magoti yanatuna, juu ya hapo kwa Chimala ni adhabu.

Ile popilini yake hatukuitupa. Niliishona mashati mawili ya mikono mifupi, kazi ambayo kitambaa kile kinaiweza: shati halikaliwi, na popilini ikipigwa pasi ikiwa bado na unyevu inanyooka kama ukurasa. Shati la tatu tukalifanya la shambrei ya pamba, la Jumatatu, maana ndiyo siku gari linajaa zaidi na anafika amebanwa.

Pasi yake ni ya mkaa, haina namba za joto, kwa hiyo nilimwandikia kwenye karatasi: gabadini ipigwe kutoka ndani. Mstari wa mbele tu ndio upigwe usoni, juu yake kitambaa cha pamba chenye unyevu, na pasi ijaribiwe kwanza kwenye upindo wa ndani. Ikinata au kuacha alama inayong'aa, iweke chini dakika mbili. Ikitoka kwenye maji isikaushwe juu ya jiko la mkaa hata kama mvua imekataa kukatika. Itundikwe kwa pindo, kiuno chini, uzito wa kiuno uivute yenyewe.

Mwezi wa tisa alipita kibandani kuchukua suruali ya pili niliyomwongezea urefu. Nikamwambia ageuke. Mapajani safi, magoti yamekaa. Makalioni, upande wa kulia anakoweka pochi, palikuwa pameanza kung'aa, duara dogo kama kifuniko cha soda.

"Ndaga fijo, mama," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Hiyo nayo inatibika?"

Nikalowesha kitambaa, nikakiweka juu ya duara, nikashusha pasi bila kuikandamiza mpaka mvuke ukapanda, kisha nikakwangua taratibu na mswaki laini kufuata mlalo. Mng'ao ulipungua kiasi, haukwisha. Pochi nikamwambia aihamishie mfuko wa koti.